Namba yoyote kipeo cha sifuri ni 1: naomba kueleweshwa, kukariri tumeshakariri

MamaNuru_Ngamiani
Wana Tanga na wadau wengine, habari za jioni. Mwanangu yuko kidato cha pili, kaja na zoezi la vipeo. Kuna swali linasema tafuta thamani ya 7^0. Kaandika 0. Mwalimu wake kapiga mkasi kwa wino mwekundu, pembeni kaandika 1. Mtoto kuuliza kwa nini, kaambiwa hiyo ni kanuni, akariri asipoteze muda wa wenzake.

Sasa kanigeukia mimi. Mimi nauza vitenge hapa Ngamiani, hesabu zangu ni za chenji. Lakini swali lake naliona la haki kabisa. 7^3 ni 7 x 7 x 7. 7^2 ni 7 x 7. 7^1 ni 7 peke yake. Sasa kama 7 haipo hata moja, hiyo 1 imetoka wapi? (Alama ^ naitumia kwa kipeo, simu yangu haina tarakimu ndogo za juu.) Nisaidieni kwa lugha ya mtu wa sokoni.

Chuda_Boy
Mama, mtoto yuko sahihi. Kitu chochote mara sifuri ni sifuri, hata darasa la tatu wanajua. Mwalimu kateleza huyo.

Mpiga_Kasia
Chuda, 7 mara 0 ndiyo 0, hakuna anayebisha. Hapa ni kipeo, si kuzidisha kwa sifuri. Jibu ni 1 kwa sababu 7 ukiigawanya kwa 7 unapata 1. Kwisha habari.

MamaNuru_Ngamiani
@Mpiga_Kasia nani kagawanya tena mdogo wangu? Swali limeandikwa 7^0, sioni palipoandikwa gawanya.

Mpiga_Kasia
Ndiyo kanuni yenyewe dada. 7^2 gawanya kwa 7^2, unatoa vipeo, 2 toa 2 ni 0. Kwa hiyo 7^0 ni 1. Umeshaeleweshwa.

Fundi_Mabati
Hajaeleweka hata kidogo. Mimi ningesema jibu ni 7. Namba hujaigusa, inabaki ilivyo. Mtu hajala, sahani inabaki na wali wake.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Majibu matatu, 0, 1 na 7, na kila mmoja anaapa. Marahaba zenu nazitoa mapema hata kama hamjaniamkia.

Mama Nuru, mwanao hajafanya ujinga. Kafuata maelezo aliyopewa mwanzo kwamba kipeo kinaonyesha namba imeandikwa mara ngapi katika kuzidishana. Kwa maelezo hayo 7^3 ni 7 tatu na 7^2 ni 7 mbili, na ukifika sifuri maelezo yenyewe yanakwama. Hayasemi jibu ni 0 wala hayasemi ni 1, yanakaa kimya. Hapo ndipo mtoto alipojaza pengo kwa kitu anachokijua, kwamba pasipo na kitu ni sifuri.

Tulijaze pengo kwa utaratibu. Andika vipeo vya 7 kuanzia juu ukishuka:

```
7^4 = 2401
7^3 = 343
7^2 = 49
7^1 = 7
7^0 = ?
```

Sasa sahau swali kwanza, tazama upande wa kulia tu. Kutoka 2401 kwenda 343 umefanya nini? Umegawanya kwa 7. 343 kwenda 49, umegawanya kwa 7. 49 kwenda 7, vilevile. Kila kipeo kinapopungua kwa moja, 7 moja inaondoka kwenye kuzidishana, na kuondoa 7 iliyozidishwa ni kugawanya kwa 7. Hapo ndipo kugawanya kwa Mpiga Kasia kulikotoka, ila yeye kaanzia mwisho wa safari.

Shuka ngazi moja zaidi: 7 gawanya kwa 7 ni 1. Ukitaka kuendelea unapata 1/7, ambayo ni 7^-1, halafu 1/49. Sifuri haitokei popote katika ngazi hii, hata ushuke mpaka usiku wa manane. Kugawanya kwa 7 hakuwezi kukufikisha kwenye sifuri.

Mpe mtoto afanye hivyohivyo kwa 2: 16, 8, 4, 2, halafu anamalizia mwenyewe. Kisha afanye kwa 10: 1000, 100, 10. Zote zinatua kwenye 1, kwa sababu ngazi ya mwisho kabla ya sifuri siku zote ni namba yenyewe, na namba gawanya kwa yenyewe ni 1.

Chuda_Boy
Mwalimu nimekuelewa ila roho haijakubali.

MamaNuru_Ngamiani
Shikamoo mwalimu. Ngazi nimeiona, na mtoto kaiandika kwenye daftari. Lakini kaniuliza jambo limenishinda tena. Nani kasema lazima ngazi iendelee? Labda inaishia kwenye 7^1, kama ngazi ya nyumba inavyoishia kwenye sakafu.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Marahaba mama. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, na swali hilo wengi hawaliulizi kabisa. Mpe hongera.

Jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyelazimisha. Tungeweza kusema 7^0 haina maana, tukaishia 7^1. Lakini tukishaamua kuipa maana, hatuna uhuru wa kuchagua namba tunayoipenda, na sababu yake ni hii.

Kuna kanuni moja ya vipeo ambayo mtoto anaweza kuihakiki kwa vidole. 7^2 x 7^3 ni 7 mbili zikikutana na 7 tatu, jumla 7 tano, yaani 7^5. Kwa namba, 49 x 343 = 16807, na 7^5 ni hiyohiyo 16807. Kwa hiyo vipeo vinajumlishwa. Kanuni hii hatuko tayari kuipoteza, maana ndiyo inayobeba mada nzima.

Basi tuwapime wagombea wetu watatu kwa kanuni hiyo. Chukua 7^2 x 7^0. Vipeo vinajumlishwa, 2 + 0 = 2, kwa hiyo jibu lazima liwe 7^2, yaani 49.

Mgombea wa Chuda ni 0. 49 x 0 = 0. Tulitaka 49, tumepata 0. Kaanguka.

Mgombea wa Fundi ni 7. 49 x 7 = 343. Tulitaka 49. Huyu naye kaanguka.

Mgombea wa 1. 49 x 1 = 49. Kapita.

Na hakuna wa nne atakayepita, kwa sababu namba pekee inayoizidisha 49 ikaiacha 49 ni 1. Weka 5 au 1000 au nusu mahali pa 7, mambo ni yaleyale.

Fundi_Mabati
Mwalimu, umeniangusha kistaarabu. Lakini hapo si umekiri kwamba ni makubaliano tu? Watu walikaa wakasema tuiite 1 ili kanuni yetu isivunjike.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Ni makubaliano, ndiyo, lakini si ya kupiga kura. Ukitaka kanuni ibaki, chaguo ni moja. Mjerumani mmoja, Michael Stifel, mwaka 1544 alichapa jedwali lenye safu mbili. Safu ya juu ina -3, -2, -1, 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Ya chini yake ina 1/8, 1/4, 1/2, 1, 2, 4, 8. Chini ya 0 imekaa 1. Ukiondoa hiyo 1 ukaweka kitu kingine, safu ya chini inakatika katikati, upande wa kushoto hauungani tena na wa kulia.

Binti_Chumbageni
Mwalimu shikamoo. Kwa heshima zote, mimi sikubali kwamba ni makubaliano. Nasoma kompyuta, nawaonyesha 1 ilipotoka. Programu ya kutafuta vipeo vya 7 inaandikwa hivi:

```python
n = 3
jibu = 1
for i in range(n):
    jibu = jibu * 7
print(jibu)
```

n ikiwa 3, mzunguko unapita mara tatu: 7, 49, 343. Ukibadilisha n iwe 0, mzunguko haupiti hata mara moja, na kinachochapishwa ni kile kilichokuwepo tangu mwanzo, yaani 1. Sasa jaribuni kuanza na `jibu = 0` kama anavyotaka Chuda. Hata n ikiwa 3 mtapata 0, kwa sababu 0 x 7 x 7 x 7 ni 0. Ndiyo maana kuzidisha kunaanzia kwenye 1, kama kujumlisha kunavyoanzia kwenye 0. Hilo halikuamuliwa na mtu, liko hivyo lenyewe.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Marahaba binti. Mfano wako mzuri na nitauiba. Ila nani kaandika `jibu = 1` pale juu? Wewe. Na umeiandika kwa sababu ulijua ukianza na nyingine mambo yataharibika. Tumerudi palepale.

Binti_Chumbageni
Hahaa, hapo tutabishana mpaka asubuhi mwalimu. Mimi nasimama pangu.

MamaNuru_Ngamiani
Subirini kwanza, mimi nimeipata kwa kitenge. Kitenge nikikikunja katikati mara moja, naona tabaka 2. Nikikikunja tena, 4. Mara ya tatu, 8. Hiyo si ndiyo 2^1, 2^2, 2^3? Sasa nikiwa sijakikunja hata mara moja, tabaka ni ngapi? Ni 1, kitenge kimelala mezani. Zingekuwa 0 maana yake kitenge kimeibiwa.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Mama, ungekuja kufundisha. Hapo 0 imehesabu mikunjo, haikuhesabu vitambaa. Mwanao kosa lake lilikuwa kudhani sifuri ya kipeo inahesabu kitu kilichopo mezani. Akikunja kitambaa kwa tatu kila mara, atapata 3, 9, 27, na kabla ya mkunjo wowote bado ni 1. Kwa 7 sidhani kama kitakunjika, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Katibu_wa_Kikoba
Samahani naingilia. Mimi nina shida inayofanana. Nimetengeneza jedwali la mikopo kwenye Excel, mkopo wa 300,000 kwa asilimia 5 kila mwezi, riba inaingia juu ya deni lote. Fomula yangu ni `=300000*1.05^A2`, safu ya A ina namba ya mwezi, nimeanzia 0. Mstari wa kwanza unaleta 300,000 bila riba hata shilingi. Unaofuata 315,000, halafu 330,750, halafu 347,287.5. Mbona mwezi wa kwanza hauna riba? Fomula imekosewa wapi?

Mpiga_Kasia
Asilimia 5 kwa mwezi, riba juu ya riba! Nyie ndio mnaofanya watu wahame Tanga usiku.

Chuda_Boy
Riba haramu bwana, tuanzie hapo.

Katibu_wa_Kikoba
Sikuuliza fatwa, nimeuliza fomula.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Katibu, fomula yako ni nzima. Mstari wa kwanza si mwezi wa kwanza, ni siku mkopaji anapopokea fedha. Miezi iliyopita ni 0, riba imeingia mara 0, 1.05^0 ni 1, na 300,000 x 1 ni 300,000. Ndilo deni lake akiwa bado mlangoni. Kama 1.05^0 ingekuwa 0, jedwali lingesema mtu kachukua laki tatu na hadaiwi kitu, na mwezi unaofuata anadaiwa 315,000. Ukitaka mwezi wa kwanza uanze na riba, anzia 1 kwenye safu ya A.

Katibu_wa_Kikoba
Kumbe. Basi wajumbe walinizomea bure.

Chuda_Boy
Haya, nimekubali kwa shingo upande. Lakini nimejaribu kwenye kikokotoo cha mdogo wangu -7^0, kimeleta -1. Mbona mlisema namba YOYOTE ni 1? Mnaona sasa.

Binti_Chumbageni
Chuda, kipeo hapo kimeshika 7 tu, hakijashika alama ya kutoa. Kikokotoo kinatafuta 7^0 kwanza, kinapata 1, ndipo kinaweka alama ya hasi mbele. Weka mabano, (-7)^0, uone kama hakijaleta 1.

Chuda_Boy
Kimeleta 1.

Katibu_wa_Kikoba
Mimi kwenye Excel nimeandika `=-7^0` bila mabano, imeleta 1. Sasa nani mkweli?

Binti_Chumbageni
Excel ina tabia yake, inabandika alama ya hasi kwenye namba kabla ya kipeo. Jaribu `=-3^2`, itakupa 9, wakati Python na vikokotoo vingi vinatoa -9. Kwenye karatasi ya mtihani fuateni ya kikokotoo: bila mabano, kipeo kwanza. Na mkiwa na wasiwasi wekeni mabano, mabano hayana ushuru.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Hapo ndipo wanafunzi wanapopoteza alama, si kwenye 7^0 yenyewe. Mtoto akishajua ni 1, anaanza kuitawanya kila mahali. Kwenye 4x^0 kipeo kimeshika x tu. x^0 ni 1, kwa hiyo jibu ni 4 x 1, yaani 4. Kwenye (4x)^0 kipeo kimeshika mabano yote, jibu ni 1. Mama, mwambie Nuru kabla ya kuandika jibu aweke kidole chini ya kipeo aulize kimeshika nani.

Fundi_Mabati
Mwalimu nina la mwisho. Kichwa cha uzi kinasema namba yoyote. Na sifuri nayo? 0^0 ni ngapi? Nimejaribu kwenye kikokotoo, kimeandika Math ERROR.

Katibu_wa_Kikoba
Excel yangu inaleta #NUM!

Binti_Chumbageni
Python inaleta 1.

Chuda_Boy
Sasa hapa mtasemaje wataalamu 😂

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Kichwa cha uzi kirekebishwe, kisome namba yoyote isiyokuwa sifuri. Sababu iko katika yaleyale tuliyofanya.

Ngazi kwanza. 0^3 ni 0, 0^2 ni 0, 0^1 ni 0. Kushuka ngazi moja zaidi inabidi ugawanye kwa 0, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Ngazi imekatika hapo.

Twende kwenye kupima wagombea. 0^2 x 0^0 inatakiwa iwe 0^2, yaani 0. Mgombea wa 0: 0 x 0 = 0, kapita. Mgombea wa 1: 0 x 1 = 0, kapita. Mgombea wa 7, wa 500, wa nusu, wote wanapita. Kwa 49 mtihani ulikuwa mkali ukamwacha mmoja, kwa sifuri mtihani unamfaulisha kila anayekuja. Mtihani wa namna hiyo haukuchagulii mtu.

Binti_Chumbageni
Lakini mwalimu, programu yangu ukiweka 0 mahali pa 7 na n ikiwa 0, inabaki 1. Mzunguko haujapita, haijalishi ni namba gani ingezidishwa. Kwenye kuhesabu michanganyiko na kwenye aljebra wanatumia 0^0 = 1 bila wasiwasi, na fomula zinatoka sawa.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Kweli, na huko inafaa. Lakini Mfaransa Cauchy mwaka 1821 aliiweka 0^0 katika kundi la maumbo yasiyo na thamani moja maalumu, kwa sababu ukiikaribia kwa njia tofauti unafika mahali tofauti. Shika 0^x, x ikiwa chanya na inapungua kuelekea sifuri: 0^1 ni 0, 0^0.1 ni 0, 0^0.01 ni 0, siku zote 0. Shika x^0: 0.1^0 ni 1, 0.01^0 ni 1, siku zote 1. Wawili wanaelekea mlango mmoja, na kila mmoja anasema ndani kuna mtu mwingine. Kwa kidato cha pili nashauri aandike haina thamani, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine.

Fundi_Mabati
Kwa hiyo 0 ya Chuda hapo ina haki kidogo?

Mpiga_Kasia
Hapo tu. Msimpe kichwa.

MamaNuru_Ngamiani
Nawashukuru sana jamani. Nuru kaniletea swali jingine la zoezi hilohilo: rahisisha 4x^0 + (4x)^0. Kaniambia nisiwape jibu lake, niwaulize kwanza.

Mpiga_Kasia
2. Kila kimoja ni 1.

Katibu_wa_Kikoba
5. Kidole chini ya kipeo, Mpiga Kasia. Cha kwanza kimeshika x peke yake, hiyo ni 4. Cha pili ni 1.

MamaNuru_Ngamiani
Kaandika 5.

Fundi_Mabati
Na x ikiwa 0? Swali limesema x si 0?

MamaNuru_Ngamiani
Nimeangalia daftari, halijasema.

Mwl_Mstaafu_Pongwe
Basi aandike 5, na pembeni aongeze "x si 0". Mwalimu wake akikata kwa wino mwekundu, aniletee hilo daftari hapa Pongwe.